Namba ya nani, na ya nini? Kutatua mkanganyiko wa TIN, PIN, VRN na VAT kwenye karatasi za biashara

Ankara imerudishwa na mhasibu wa mteja. Fomu ya usajili inagoma kupokea namba. Ritani imekataliwa kwa sababu kodi uliyolipa kwenye manunuzi haionekani popote. Mara nyingi kila namba iliyoandikwa kwenye karatasi ni ya kweli, imetolewa kihalali na bado inafanya kazi. Tatizo ni kwamba imewekwa mahali pa namba nyingine.

Karatasi ya biashara hubeba namba za aina tatu, na kila aina hujibu swali lake. Ya kwanza hujibu kwamba huyu ni mlipakodi yupi. Hiyo ndiyo TIN, namba ya utambulisho wa mlipakodi, ambayo Kenya huitwa PIN. Ya pili hujibu kama huyu ameruhusiwa kutoza kodi ya ongezeko la thamani, yaani VAT. Nchi nyingine huitolea namba yake ya pekee, kama VRN ya Tanzania, na nyingine huandika tu usajili huo ndani ya kumbukumbu za TIN. Ya tatu hutoka kwa msajili wa kampuni na hujibu kama chombo hiki kipo kisheria. Mamlaka ya kodi haitoi namba ya msajili, na msajili hana uwezo wa kukuambia kama kampuni imesajiliwa kwa VAT.

Chini ya hizo tatu kuna ya nne ambayo si kila nchi inayo, nayo ni namba ya mahali, yaani tawi, ghala au duka. Hiyo tutaifikia kwenye mfano wa Ufaransa.

Dalili: fomu inataka TIN na wewe huna kitu chenye jina hilo

Hutokea zaidi kwenye fomu za benki zinazouliza wewe ni mkaazi wa nchi gani kikodi. TIN kwenye fomu hizo ni jina la jumla, na kila nchi ina namba yake inayokaa hapo. Mkenya ataandika PIN ya KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya. Mhindi ataandika PAN. Kwa Marekani, mtu binafsi huandika SSN na kampuni huandika EIN. Mtanzania, Mganda na Mnyarwanda wana bahati, kwa sababu namba yao inaitwa TIN hasa.

Kosa linaloonekana sana hapa ni kuandika namba ya usajili wa kampuni kwa sababu tu ndiyo iliyo juu kabisa kwenye cheti. Cheti cha msajili hakina uhusiano na kisanduku hicho. Tafuta karatasi iliyotolewa na mamlaka ya kodi. Na kwa wanaoiona PIN kwa mara ya kwanza, hii si namba ya siri ya kadi ya benki. Huandikwa wazi kwenye ankara, na muuzaji anayekataa kukupa yake anakunyima kitu ambacho ulipaswa kukiona.

Dalili: namba imekubalika, lakini jina lililotokea si la muuzaji wako

Hii ndiyo dalili ninayoiona kuwa nzito kuliko zote, kwa sababu mfumo haulalamiki. Unaingiza namba, inapita, na jina linalojitokeza ni la mtu usiyemjua, au la mkurugenzi badala ya kampuni.

Kenya imeweka kidokezo ndani ya namba yenyewe. PIN ina herufi moja mwanzoni, tarakimu tisa, kisha herufi moja mwishoni. Herufi ya mwanzo ikiwa A, mwenye namba ni mtu binafsi. Ikiwa P, mwenye namba si mtu binafsi: ni kampuni, ubia, chama au chombo kingine. Kwa hiyo ankara yenye jina linaloishia na “Limited” na PIN inayoanza na A ina kasoro inayoonekana kwa macho kabla hujafungua tovuti yoyote. Karibu kila mara ni PIN ya mkurugenzi. Alianza biashara kwa jina lake, akaja kusajili kampuni, lakini kitabu cha ankara au programu ya kutolea ankara ikabaki na namba ya zamani.

Usikimbilie kulaumu, hata hivyo. Kama jina lililo juu ya ankara ni jina la biashara tu, mathalani “Mwangaza Hardware” bila neno lolote la kampuni, PIN ya A inaweza kuwa sahihi kabisa. Jina la biashara la mtu mmoja halizai mtu mpya kisheria. Mwenye duka na duka ni mlipakodi mmoja, na namba yake ya binafsi ndiyo inayotumika. Ukikagua utaona jina la mtu badala ya jina la duka, na hilo si kosa. Kinachotakiwa ni cheti cha usajili wa jina la biashara kinachoonyesha kwamba mtu huyo ndiye mwenye jina lile.

Kwa Tanzania mantiki ni hiyohiyo, ila namba haikusaidii kwa sura yake. TIN ni tarakimu tisa, iwe ya mtu au ya kampuni. Hapo huna njia ya kujua kwa kuitazama tu. Itabidi ulinganishe jina lililo kwenye cheti cha TIN na jina lililo kwenye cheti cha BRELA, msajili wa kampuni wa Tanzania, neno kwa neno. Kampuni ina TIN yake, mkurugenzi ana yake, na malipo yaliyoingizwa kwenye TIN ya mkurugenzi hayaisaidii kampuni chochote.

Risiti ya EFD, mashine ya kodi ya Tanzania, ina mtego mwingine mdogo. Inaweza kubeba TIN mbili. Ya juu, karibu na jina la duka, ni ya muuzaji. Ya pili iko chini, kwenye mistari ya `CUSTOMER ID TYPE` na `CUSTOMER ID`, na ni ya mnunuzi, yaani wewe. Karani anayejaza vitabu kwa haraka hunakili iliyo karibu na kiasi cha fedha, na mwisho wa mwezi kampuni inaonekana imenunua bidhaa kwake yenyewe. Ukiona TIN yako mwenyewe kwenye safu ya wauzaji, chanzo ni hicho. Ukikuta pia namba zilizoandikwa `UIN` na `ZNUMBER`, ziache zilivyo: ya kwanza inahusu mashine, ya pili taarifa ya mauzo ya siku. Hakuna kati ya hizo inayomtambulisha mlipakodi.

Dalili: ankara imetoza VAT, lakini huwezi kuidai

Mfanyabiashara aliyesajiliwa kwa VAT hukusanya kodi kwenye mauzo yake, hutoa humo kodi aliyolipa kwenye manunuzi, na hupeleka tofauti serikalini. Utoaji huo unategemea kitu kimoja: aliyekuuzia awe naye amesajiliwa kwa VAT siku alipokuuzia. TIN peke yake haithibitishi hilo. Kila aliyesajiliwa kwa VAT ana TIN, lakini wenye TIN wengi hawakusajiliwa kwa VAT, kwa sababu usajili huo hulazimu pale mauzo yanapofikia kiwango fulani. Tanzania Bara kiwango hicho ni shilingi milioni 200 kwa mwaka, Kenya ni shilingi milioni 5.

Tanzania hutenganisha mambo haya waziwazi. Kuna TIN, halafu kuna VRN yenye cheti chake. Kwenye risiti tazama mstari wa `VRN`. Mstari huo ukiwa na namba, endelea na ukaguzi. Ukiwa hauna namba ya usajili, na hapo chini kuna kodi ya asilimia 18 iliyoongezwa kwenye bei, simamisha malipo uulize. Muuzaji asiyesajiliwa hana haki ya kutoza kodi hiyo. Fedha uliyompa kwa jina la VAT hutaweza kuitoa kwenye ritani yako, na kuirudisha mkononi itabidi ukadaiane naye mwenyewe.

Kenya na Uganda hazikupi mstari huo wa kuutazama. Namba ni moja: PIN au TIN ileile ndiyo inayoandikwa kwenye ankara ya VAT. Kwa hiyo swali hubadilika. Badala ya kuuliza “Namba yake ya VAT ni ipi?” uliza “Je, kwenye namba hii kuna wajibu wa VAT, na ulianza lini?” Kwenye iTax, tovuti ya kodi ya KRA, sehemu ya `PIN Checker` huonyesha jina, hali ya PIN, na orodha ya wajibu wa kodi pamoja na tarehe ulipoanza. Soma tarehe. Muuzaji aliyesajiliwa kwa VAT mwezi wa tano hakuwa na ruhusa ya kutoza VAT kwenye ankara ya mwezi wa tatu, hata kama leo ukimkagua anaonekana safi. Watu wengi hutazama tu kama neno VAT lipo kwenye orodha, wanaridhika, na kosa linakuja kugundulika miezi mingi baadaye.

Dalili: namba ya VAT kutoka Ulaya inaonekana haipo

Umoja wa Ulaya una tovuti ya kukagulia namba za VAT iitwayo VIES. Namba zote huanza na herufi mbili za nchi, na jibu la “si halali” lina sababu nne ambazo mtu huzipitia kabla hajaanza kumshuku muuzaji.

Herufi za nchi ndizo za kwanza. Ugiriki haitumii GR kwenye VAT, hutumia EL. Uingereza, yenye GB, haimo VIES tangu Januari 2021 na namba zake hukaguliwa kwenye tovuti ya serikali ya huko, ila Ireland ya Kaskazini imebaki kwa herufi XI kwa biashara ya bidhaa.

Sababu ya pili ni kwamba namba ni ya kodi lakini si ya VAT ya kuvuka mipaka. Hispania ni mfano mzuri. Mfanyabiashara ana namba yake ya kodi inayofanya kazi ndani ya nchi, lakini VIES haimtambui mpaka aombe kuingizwa kwenye orodha ya wanaofanya biashara na nchi nyingine za Umoja. Anaweza kukuapia kwamba namba ni yake, na atakuwa anasema kweli.

Ya tatu ni Ujerumani, ambako mfanyabiashara mmoja anaweza kuwa na namba zinazofanana mno. `St.-Nr.` hutolewa na ofisi ya kodi ya eneo lake na hubadilika akihamia eneo la ofisi nyingine. `USt-IdNr.` ni ya VAT, huanza na DE ikifuatiwa na tarakimu tisa, nayo ndiyo pekee VIES inayoijua. Sheria ya huko inamruhusu muuzaji kuweka yoyote kati ya hizo mbili kwenye ankara ya kawaida, ndiyo maana ankara ya Kijerumani isiyo na DE popote inaweza kuwa halali huko kwao na isikufae wewe. Utaona pia `HRB` na namba. Hiyo ni ya daftari la kampuni, na bila jina la mahakama inayolitunza daftari hilo haitambulishi mtu, kwa sababu mahakama mbili zinaweza kuwa na HRB yenye namba ileile.

Ya nne ni kosa la uchapaji, na hili lina dawa yake.

Mfano uliofanyiwa kazi: ankara ya Kifaransa

Ufaransa ndiko VAT ilikoanzia, mwaka 1954, na mpangilio wa namba zake unafundisha kuliko mwingine wowote kwa sababu namba zimejengwa moja juu ya nyingine. Ukielewa ankara moja ya Kifaransa, za nchi nyingine hazitakusumbua sana.

Tuseme chini ya ankara kuna mistari mitatu ifuatayo. Namba ni za mfano tu.

```
SIREN 123 456 782
SIRET 123 456 782 00010
TVA   FR11 123546782
```

SIREN, tarakimu tisa, ni namba ya kampuni yenyewe. Haibadiliki kampuni ikihama. SIRET, tarakimu 14, ni ileile SIREN ikiongezwa tarakimu tano zinazotambulisha mahali, kwa hiyo kampuni yenye maduka matatu ina SIREN moja na SIRET tatu. TVA ndiyo VAT kwa Kifaransa, na namba yake ni FR, herufi au tarakimu mbili za uhakiki, kisha tena SIREN. Unaona basi kwamba SIREN inapaswa kujirudia mara tatu kwenye karatasi moja. Weka kidole chini ya kila moja usome kwa sauti: 456 782, 456 782, 546 782. Mstari wa tatu umebadilisha nafasi ya 4 na 5.

Lakini ipi ni sahihi? Mistari miwili dhidi ya mmoja ni dalili nzuri, ila si ushahidi, kwa sababu SIREN na SIRET huenda zilinakiliwa kutoka mahali pamoja penye kosa. Hapo zile tarakimu mbili baada ya FR zinafanya kazi yake. Zikiwa ni tarakimu, hupatikana hivi:

```
uhakiki = (12 + 3 × (SIREN mod 97)) mod 97
```

`mod 97` maana yake ni kinachobaki baada ya kugawa kwa 97. Chukua 123456782: ukigawa kwa 97 kinabaki 32. Mara tatu ni 96, ongeza 12 upate 108, gawa kwa 97 kinabaki 11. Hiyo ndiyo iliyoandikwa baada ya FR. Sasa jaribu ile ya mstari wa tatu, 123546782. Kinabaki 16, mara tatu ni 48, ongeza 12 ni 60. Kama namba hiyo ingekuwa sahihi, ankara ingesomeka FR60. Kwa hiyo kosa liko mstari wa tatu, na namba ya VAT ya muuzaji huyu ni `FR11123456782`, ikiandikwa bila nafasi katikati.

Hesabu hii ina mipaka, na ni muhimu kuishika. Inathibitisha tu kwamba tarakimu zinakubaliana zenyewe kwa zenyewe. Haithibitishi kwamba kampuni ipo, kwamba bado imesajiliwa, wala kwamba anayekutumia ankara ndiye mwenye namba. Tapeli anaweza kunakili namba safi ya kampuni ya watu. Zile nafasi mbili zikiwa na herufi ndani yake, kanuni hii haitumiki kabisa. Ukishasahihisha, peleka namba VIES, ulinganishe jina na anwani. Ukiingiza na namba yako mwenyewe ya VAT ya Umoja kama unayo, utapewa namba ya uthibitisho yenye tarehe. Ihifadhi pamoja na ankara, kwa maana mkaguzi atataka kujua ulichokiona siku ile. Kwa Ujerumani na Hispania usishangae VIES ikikataa kuonyesha jina. Nchi hizo hazilitoi, na itabidi umwombe muuzaji cheti chake.

Kuna sentensi moja ya Kifaransa ya kuifahamu: “TVA non applicable, art. 293 B du CGI”. Ukiiona, muuzaji ni mdogo na hatozi VAT kwa mujibu wa sheria. Kwenye ankara hiyo safu ya kodi inatakiwa iwe tupu, na kukosekana kwa namba ya VAT si kasoro.

Ukishajua kosa ni lipi

Usisahihishe ankara ya mtu mwingine kwa kalamu, hata kama una hakika. Ankara ni hati ya muuzaji, naye ndiye wa kuifuta na kutoa nyingine. Mwandikie ujumbe mfupi unaotaja namba ya ankara, mstari wenye kosa, kilichoandikwa na kinachotakiwa. Ukimwambia tu “namba yako ina shida,” atakurudishia karatasi ileile, kwa sababu akitazama ataona namba anayoijua kuwa ni yake. Mwambie waziwazi: “Umeweka PIN yako binafsi, ankara ni ya kampuni, naomba itolewe upya kwa PIN ya kampuni inayoanza na P.”

Kosa likiwa upande wako, kwa mfano ulimpa TIN isiyo yako alipokuwa anatoa risiti, sema mapema. Risiti iliyokwisha kutumwa kwenye mfumo wa mamlaka imeingia kwenye kumbukumbu za mlipakodi mwingine, na haihami yenyewe. Muuzaji atalazimika kuibatilisha kwa utaratibu wa mfumo wake kisha atoe mpya, jambo ambalo ni rahisi kwake ndani ya mwezi uleule kuliko baada ya kupeleka ritani.

Kenya kuna na ukomo wa muda: kodi ya manunuzi hudaiwa ndani ya miezi sita baada ya kipindi ambacho manunuzi yalifanyika. Ankara yenye PIN isiyo sahihi iliyokaa kwenye faili kupita muda huo haisaidiwi tena na marekebisho, kwa hiyo pitia namba za wauzaji wapya siku ankara yao ya kwanza inapofika, kabla ya kulipa.